UZI: Mzigo wa zawadi ya mzazi uliofikishwa kwa Mama Salma mwingine, na urafiki uliotokea

Mzigo_Salama — Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Kisa hiki ni cha majirani wawili wa Mbagala. Wote wameridhia nikiandike bila kutaja mtaa. Nakileta kwa sababu kila hatua iliyokosewa inaonekana wazi, na kwa sababu bado kuna swali halijajibiwa.

Mama mmoja wa Tanga alimtumia binti yake aliyejifungua Dar boksi la zawadi kwa basi. Ndani mlikuwa na samli lita mbili kwenye chupa ya mafuta ya kupikia iliyotumika, asali lita moja, unga wa mchele kilo tatu, pilipili manga robo kilo na kanga doti mbili. Juu ya boksi alibandika karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa bolpeni: "Mama Salma, Mbagala, geti la bluu karibu na mashine ya kusaga", na namba ya simu. Jina na namba yake mwenyewe akaandika kwa chini, herufi ndogo.

Boksi lilipanda basi Alhamisi asubuhi. Njiani samli ikayeyuka na kuvuja, karatasi ikalowa mafuta, wino wa bolpeni ukatambaa. Kufika stendi ya Magufuli, tarakimu tatu za mwisho za namba ya mpokeaji zilikuwa doa la buluu. Binti alikuwa na siku tisa tangu ajifungue, hawezi kwenda Mbezi, akamtuma bodaboda na namba ya risiti. Bodaboda akachukua mzigo Ijumaa mchana. Alipofika Mbagala alipiga simu ya binti, ikawa imezima chaji. Akauliza watoto: "Kwa Mama Salma ni wapi?" Wakampeleka.

Mtaa ule una Mama Salma wawili. Huyu waliyempeleka ni bibi mjane, umri umepita sitini, na Salma wake anafanya kazi Maskati. Kwa miezi miwili alikuwa akiahidiwa mzigo na bintiye. Geti lake pia ni la bluu. Akapokea, akamwombea dua bodaboda, akafungua.

Kanga ya juu imeandikwa NANI KAMA MAMA. Hapo hakubaki na shaka yoyote. Jumamosi alipika mkate wa kumimina kwa kilo moja ya ule unga na nusu lita ya samli, akagawia majirani kwa shukrani. Doti ile akaikata na kuipinda. Jumapili asubuhi akakunjua doti ya pili, akasoma: HONGERA MAMA MZAZI. Akakaa chini.

Nitaendelea. Ila kwanza, waliozoea kupokea na kusafirisha mizigo, nyinyi mngelikamata wapi kosa hili?

---

Boda_Zakhiem — Jumatatu, saa 2:31 usiku

Kosa la kwanza ni bodaboda kuondoka stendi bila kupiga simu. Simu inapigwa ukiwa bado dirishani, kabla hujasaini. Haikupatikana, mzigo unabaki ofisini. Ukishautoa ukafika nao mtaani, unaanza kuulizia watu, na mtu wa mtaani atakuonyesha nyumba anayoijua yeye.

Namba ikifutika kuna njia rahisi. Unaingia kwenye kutuma pesa, unajaribu tarakimu zilizopotea, jina la mwenye laini linatokea kabla hujathibitisha. Ukiona jina la mteja umempata.

---

Mzigo_Salama — Jumatatu, saa 2:50 usiku

La kwanza uko sawa kabisa. La pili linafaa ikiwa imepotea tarakimu moja, maana unajaribu mara kumi tu. Zikipotea tatu ni namba elfu moja. Halafu jina linalotokea ni la kitambulisho, na hakuna laini iliyosajiliwa kwa jina la "Mama Salma". Unaweza kuiona namba sahihi ukaipita bila kujua. Pia ni kuchungulia majina ya watu wasiohusika, jambo ambalo mimi silipendi.

Namba ya mtumaji ilikuwa inasomeka, kwa kuwa samli haikufika chini ya karatasi. Mama wa Tanga angepigiwa, angesema "binti yangu ana kichanga ndani" na shida ingeisha palepale. Watu wengi huona namba ya mtumaji ni ya kudai pesa mzigo ukipotea tu. Kazi yake kubwa ni hii ya kumtambulisha mpokeaji pale alama nyingine zinapogongana.

---

Binti_Chumbageni — Jumatatu, saa 3:05 usiku

Kosa lilianzia Tanga, kwenye chupa. Samli kwa joto la Dar haigandi, hasa ikikaa kwenye buti la basi mchana kutwa. Ukiijaza mpaka mdomoni, ikipata moto inatanuka na kutafuta pa kutokea, na kifuniko cha chupa iliyotumika kimeshalegea. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Weka kipande cha mfuko wa nailoni mdomoni kabla ya kufunga kifuniko, kisha zungusha tepu shingoni. Chupa iingie kwenye mfuko wake na ifungwe fundo, isimamishwe katikati ya boksi, nguo ziizunguke. Hizo kanga zingefanya kazi hiyo vizuri sana, badala ya kuwekwa juu kama mapambo.

Unga usikae chini ya samli hata siku moja. Unga wa mchele ulioguswa na mafuta unavunda upesi. Utaujua kwa harufu ya nazi iliyochacha.

---

Mnunuzi_Kivule — Jumatatu, saa 3:12 usiku

Hata mimi nasubiri mzigo wa viatu kutoka Guangzhou, wiki ya sita sasa, unaonyesha upo forodhani. Nifanyeje ili bodaboda asipeleke kwingine?

---

Mzigo_Salama — Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mkuu, huo bado haujamfikia bodaboda yeyote. Ukiwa forodhani kinachosubiriwa kwa kawaida ni ushuru au karatasi ya manunuzi, muulize wakala wako ni kipi kati ya hivyo. Hapa tunazungumzia mizigo ya basi.

Kuhusu karatasi ya boksi, naongezea kwa aliyoeleza Binti wa Chumbageni. Wino wa bolpeni ni wa mafuta, ndiyo maana mvua inauvumilia kiasi lakini samli inauyeyusha. Andika kwa kalamu nene, kisha funika maandishi yote kwa tepu pana inayopita kingo za karatasi kila upande. Karatasi ya pili yenye maneno yaleyale iwekwe ndani ya boksi juu kabisa, ndani ya mfuko. Huyu bibi alifungua kwa nia safi, na angekutana na jina na namba kabla ya kugusa kanga.

Maneno yenyewe yawe jina la kitambulisho kwanza, ndipo "Mama Fulani" kwa ajili ya kuulizia. Namba ya nyumba kwenye kibao cha anwani ya makazi iandikwe pamoja na jina la barabara iliyo kwenye nguzo. Geti la bluu si anwani. Rangi ikiuzwa kwa bei nafuu duka la mtaani, mageti kumi yanakuwa ya bluu mwezi huohuo.

---

Abuu_Swafiya — Jumatatu, saa 3:44 usiku

Assalamu alaykum. Tusiruke jambo la haki ya mali. Aliyeokota kitu anatakiwa akitangaze mwaka mzima kabla ya kukitumia. Bibi alitumia siku ya pili.

---

Ustadh_Pongwe — Jumatatu, saa 4:02 usiku

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hukumu ya kutangaza mwaka ni ya lukata, yaani kilichodondoka na mwenyewe hajulikani. Hiki hakikudondoka, aliletewa mlangoni, na mwenyewe aliandikwa juu yake. Tangu alipotambua Jumapili, mzigo ulikuwa amana mkononi mwake na wajibu wake ukawa kuurudisha, hakuna cha kusubiri mwaka.

Alichotumia kabla ya kujua hana dhambi nacho, ila dhamana haiondoki kwa kutojua. Samli hulipwa kwa samli ya aina ile na kipimo kile, unga kwa unga. Kanga iliyokatwa inarudishwa, na kama thamani yake imepungua, upungufu unalipwa.

Lakini angalieni hapa. Zawadi kwa madhehebu yetu ya Shafii haihami mkono mpaka ipokelewe. Binti hakuwa ameipokea. Kwa hiyo nusu lita ile ilikuwa bado mali ya mama wa Tanga, na mwenye kusamehe ni yeye, si binti.

---

Abuu_Swafiya — Jumatatu, saa 4:15 usiku

Nimekuelewa kwenye lukata, Allah akulipe. Ila bodaboda alitumwa na binti. Mkono wa wakala ni mkono wa aliyemtuma. Alipousaini mzigo stendi, binti alishapokea.

---

Ustadh_Pongwe — Jumatatu, saa 4:26 usiku

Hoja yako ina nguvu. Inategemea alimtuma kupokea kwa niaba yake au alimkodi kubeba tu. Mchukuzi wa kukodi na wakala si kitu kimoja, na hapa makubaliano yalikuwa ya simu ya nusu dakika. Sitathubutu kukata.

---

Mzigo_Salama — Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Ajabu ni kwamba bibi mwenyewe aliliona swali hilo bila kulisoma popote. Naendelea.

Jumapili ile alirudi kwenye karatasi ya boksi, akaisoma kwa miwani, akakuta namba ya Tanga. Hakupiga papo hapo. Alikwenda kwanza mashine ya kusaga akauliza nani amejifungua karibuni. Akaelekezwa nyumba ya nne kutoka kwake, ng'ambo ya mfereji. Huko binti alikuwa ameshinda siku mbili akibishana na bodaboda, mmoja akisema "sijapata", mwingine akisema "nimempa Mama Salma mkononi". Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Bibi aliingia na boksi kichwani na kanga iliyopindwa begani. Akaeleza yote, mpaka idadi ya vipande vya mkate na waliokula. Binti akasema, "Bibi, nimekusamehe, yameisha." Bibi akakataa. Akasema, "Wewe hukununua samli hii. Nipe niongee na aliyeinunua."

Simu ikawashwa sauti. Mama wa Tanga alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Huo mkate ulichachuka vizuri?" Bibi akajibu kwamba ulichachuka, ila unga umesagwa mpana kidogo, una chengachenga. Mama wa Tanga akakubali kwamba mawe ya mashine ya kwao yamelika. Wakaongea dakika arobaini. Binti akalala, mtoto akalala, wao bado wapo kwenye simu.

Bibi akaomba alipe kwa njia moja: kwa kuwa mama mzazi yuko Tanga na binti hana mtu mzima ndani, yeye atakuja kila asubuhi kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie, na samli atanunua mwenyewe. Mama wa Tanga akakubali uji, samli akasamehe nusu.

---

Binti_Chumbageni — Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Kilo mbili za unga zilizobaki zinatosha siku nane kwa kipimo cha robo kilo, nao ni uji wa watu wanne au mzazi mmoja kutwa nzima. Kama kuna anayetaka kumpikia mzazi wake, unakwenda hivi.

Kuna nazi moja kubwa. Kamua tui zito kikombe kimoja, liweke kando. Kamua tena kwa maji lita moja, hilo ndilo tui jepesi, ongeza maji nusu lita na libandike jikoni. Robo kilo ya unga wa mchele ikoroge na nusu lita ya maji baridi mpaka donge la mwisho liishe. Uji unaoingia madonge ni ule uliotiwa unga mkavu kwenye maji ya moto: unga wa nje unaiva na kufungia unga mbichi ndani, na hapo hata ukoroge saa nzima hautavunjika. Mimina mchanganyiko wako kidogo kidogo kwenye tui linalochemka huku mkono hauachi mwiko. Punguza moto, dakika ishirini.

Pilipili manga kijiko cha chai kimoja na nusu, itwangwe siku hiyohiyo. Iliyotwangwa wiki iliyopita inawasha bila kunukia. Sukari kwa kuonja. Tui zito linakuja mwisho, na ukiona povu la kwanza unaepua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika, mafuta juu na chenga chini. Samli ni kijiko kimoja kwenye bakuli, si kwenye sufuria.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku — Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Uji huo hauna tatizo kwa mama anayenyonyesha. Wasiwasi wangu uko kwenye ile chupa ya asali. Nyumba zetu nyingi, mtu mzima akiona asali na kichanga pamoja, kidole kinaingia kwenye chupa na kwenda mdomoni mwa mtoto. Mtoto asionjeshwe asali mpaka atimize mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazizuia, ila kwenye utumbo wa kichanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili ni kukosa choo siku kadhaa, kilio kuwa hafifu, kunyonya kwa unyonge, shingo kulegea. Ukiziona ni hospitali, si kesho. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Mama mwenyewe aile tu, haipiti kwenye maziwa.

Na samli isipakwe kitovuni. Kitovu kinatakiwa kikauke na kudondoka chenyewe. Pia uliza kama alijifungua kwa upasuaji kabla ya mtu yeyote kumkanda tumbo kwa maji ya moto.

---

Mzigo_Salama — Jumanne, saa 7:30 mchana

Nesi, umegusa penyewe. Siku ya tatu ya uji ndipo walipokwaruzana. Bibi alitaka kumlambisha mtoto asali, binti akakataa kwa sababu kliniki walimwambia hivyohivyo. Bibi akasema amelea sita kwa asali. Siku hiyo aliacha sufuria mlangoni akaondoka bila kukaa.

Walimpigia simu mama wa Tanga awapatanishe. Naye pia alikuwa ameituma asali akiwa na nia hiyohiyo. Wakubwa wawili wakawa upande mmoja na binti peke yake upande wa pili, mpaka binti alipoomba wote waje kliniki siku ya chanjo, mmoja kwa miguu na mwingine kwa simu. Nesi wa pale akawaeleza kama ulivyoeleza wewe. Bibi akauliza, "Na tende je?" Akajibiwa kwamba kwa miezi sita ni maziwa ya mama tu. Hilo la tende hawakukubaliana, wakaondoka nalo.

Asali sasa inatiwa kwenye chai ya binti. Kitovu kilishadondoka. Alijifungua kawaida, bibi anamkanda mgongo na miguu.

---

Abuu_Swafiya — Jumanne, saa 10:05 jioni

Suala la kumpaka kichanga tende mdomoni lina mafunzo yake katika dini, tusilipite juujuu.

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku — Jumanne, saa 10:40 jioni

Sijalipita, nalifahamu. Ninachoomba ni kwamba atakayefanya anawe mikono kwa sabuni, na asimwachie mtoto kipande chochote mdomoni, maana hawezi kutafuna na kinamziba koo. Zaidi ya hapo wazungumze na kliniki yao.

---

Boda_Zakhiem — Jumanne, saa 12:20 jioni

Na yule bodaboda alilipwa? Mzigo ulifika kwa Mama Salma, na ndivyo karatasi ilivyosema.

---

Mzigo_Salama — Jumanne, saa 1:15 usiku

Binti alimlipa nusu, bibi akatoa nusu nyingine bila binti kujua. Ofisi ya basi inasema kazi yake iliishia dirishani. Kama bodaboda alistahili nauli kamili, sijui mtasemaje.

La mwisho kwa leo. Tanga imetuma boksi la pili wiki hii, na safari hii mtumaji alipiga picha karatasi kabla ya kulifunga, akaituma kwa wote wawili. Samli ziko chupa mbili, kila moja lita moja, zimefungwa nailoni mdomoni. Juu kuna jina la kitambulisho la binti, namba ya kibao cha nyumba, na namba mbili za simu, ya pili ikiwa ya bibi kwa ajili ya chaji ikiisha. Unga nao upo, na kwenye chupa moja kuna kikaratasi kimeandikwa "ya Mama Salma mkubwa, unga huu umesagwa mashine nyingine". Bibi ameshauchekecha unga huo, anasema bado mpana.

Mama wa Tanga anakuja kwenye arobaini. Chumba cha binti ni kimoja, kwa hiyo atafikia kwa bibi.

---

Binti_Chumbageni — Jumanne, saa 1:32 usiku

Mwambie mkubwa huyo mchele uoshwe, uanikwe kivulini mpaka uwe unyevunyevu tu, ndipo usagwe. Mchele mkavu kabisa unatoka mpana hata kwenye mashine mpya.

---

Mzigo_Salama — Jumanne, saa 1:35 usiku

Nampelekea ujumbe sasa hivi. Ila najua atauliza ni kivuli cha saa ngapi.

---

Binti_Chumbageni — Jumanne, saa 1:41 usiku

Muda wa saa mbili hadi tatu. Abane konzi moja, likishikana kisha likaguswa likavunjika, upo tayari.